Jeli, fluidi au krimu: sanskrini ya ngozi ya mafuta chini ya mekapu, kwa hewa ya Kigoma

Ukiwa na ngozi ya mafuta na unaishi Kigoma, kuanzia mvua za Novemba mpaka zinapoisha karibu na Mei, malalamiko huwa yale yale. Saa moja asubuhi uso uko sawa, saa nne unang'aa kama umepakwa mawese, na fandesheni imeanza kukusanyika pembeni ya pua na kwenye taya. Wengi wakifika hapo hupunguza sanskrini. Wanapaka tone moja la kujifariji, wanaongeza poda, wanaondoka. Mimi kazi yangu ni kupamba, maharusi na watu wa ofisini, na msimamo wangu ni kinyume: sanskrini ibaki kipimo kamili, vingine vyote ndivyo vipunguzwe. Mwongozo huu unaeleza namna ya kufanya hivyo, na aina ipi kati ya jeli, fluidi na krimu inakubali kufanyiwa hivyo kwenye hewa yetu.

Kwanza elewa kinachobaki usoni

Kila sanskrini ina sehemu mbili: inayoruka hewani baada ya kupakwa, na inayobaki kwenye ngozi. Inayobaki ndiyo inayokukinga, na ndiyo hiyo hiyo inayokuletea uzito. Ngozi ya mafuta inataka kile kinachobaki kiwe utando mwembamba, mkavu, ulioshika.

Tatizo la mji wa kando ya ziwa wakati wa mvua ni kwamba hewa tayari imebeba unyevu mwingi, kwa hiyo maji yaliyomo kwenye sanskrini hayana haraka ya kuondoka. Nguo kwenye kamba zinachelewa kukauka kwa sababu hiyo hiyo. Alkoholi haijali unyevu huo, inaruka tu. Silikoni nyepesi nazo zinaruka. Ndiyo maana sanskrini ya maji ambayo watu wa mikoa mikavu wanaisifu kwamba inakauka mara moja, huku inaweza kukaa mbichi usoni dakika ishirini, na ukiweka fandesheni juu ya kitu kibichi, umeviharibu vyote viwili.

Jeli

Kuna jeli mbili zinazouzwa kwa jina moja, na ukizichanganya utachanganyikiwa.

Ya kwanza ni jeli ya maji. Ukiiminya ni laini, ya baridi, inateleza na kupotea. Mara nyingi ina maji, alkoholi kiasi, na gliserini. Kwenye kiangazi cha Juni mpaka Septemba hii ni nzuri sana, na kwa mtu asiyepaka mekapu ningempa hii bila kufikiri mara mbili. Shida yake inakuja mvua zikianza. Gliserini kazi yake ni kuvuta na kushika unyevu, na hewa ikiwa na unyevu wa kutosha uso unabaki unanatanata hata baada ya kusubiri. Weka kiganja shavuni: kikinata kidogo wakati wa kukiondoa, poda itashika kwa mabaka.

Ya pili ni jeli ya silikoni, ile inayoonekana kama vaselini isiyo na rangi na inayoacha uso kama velveti. Kwenye orodha ya viambato utaona majina yanayomalizikia kwa herufi c-o-n-e yakiwa ya kwanza kabisa. Haina haja ya kukauka, inajaza vinyweleo, na kwa saa ya kwanza mtu anaweza kukupongeza. Hii tayari inafanya kazi ya praima. Ukiipaka halafu ukaweka praima nyingine ya silikoni juu, au fandesheni ya maji, ndipo vinapotokea vile vimbegembege, vijipande vya utando vilivyovingirika, unavyoviona ukisugua shavu. Jasho nalo likitoka chini yake halina pa kupita, linausukuma utando juu na kuupasua. Kwa mtu anayekaa ndani ya ofisi yenye kiyoyozi inafaa. Kwa anayetembea juani hapa mjini siipendi.

Fluidi

Hii ni ile nyembamba kabisa, inayotoka kwenye chupa kama maziwa mepesi. Mara nyingi chupa yake ina kigololo ndani, ukiitikisa unasikia kinagonga. Kigololo kiko pale kwa sababu kuna unga wa kunyonya mafuta, kama silika, ambao hutuama chini. Asiyetikisa anapata majimaji yenye mafuta siku za mwanzo na tope nyeupe chupa ikikaribia kuisha, halafu anasema sanskrini ni mbaya. Itikise mpaka usikie kigololo kinazunguka bila kukwama.

Sehemu kubwa ya fluidi huruka, tena mara nyingi kwa kutegemea alkoholi au silikoni nyepesi na si maji peke yake. Kwa hiyo kwenye hewa nzito bado inakauka. Inayobaki ni nyembamba na ina ule unga wa kunyonya. Kwa ngozi ya mafuta, chini ya mekapu, kwenye hewa ya mvua za Kigoma, hii ndiyo chaguo langu la kwanza.

Ina gharama zake. Zenye alkoholi nyingi zinawasha kwenye chunusi iliyopasuka au ngozi iliyokwanguliwa na skrabu, na zikiteremka na jasho machoni utalia. Unapokagua viambato, alkoholi ya kawaida ikitajwa miongoni mwa majina matano ya mwanzo, ujue iko nyingi. Usiichanganye na alkoholi ya setili au ya setearili. Hizo ni kama nta, zinafanya kitu kiwe kizito, na utazikuta kwenye krimu. Jambo la pili ni kwamba kwa sababu ni nyepesi, mkono unadanganyika kupaka kidogo. Hilo nalifikia hapa chini.

Krimu

Krimu inashikiliwa na nta na mafuta yasiyoruka. Ukishapaka, kilichobaki ni kingi, na kwenye ngozi inayotoa mafuta yake yenyewe, mafuta juu ya mafuta hulegeza fandesheni kabla ya saa sita. Nyingi zenye zinki oksaidi au titani dioksaidi bila rangi huacha weupe wa majivu kwenye ngozi yetu, na kwenye picha ya flashi bibi harusi anatoka uso mmoja na shingo nyingine.

Lakini krimu siitupi. Anayeanika dagaa mchana kutwa Katonga, au anayesafiri kwa boti, anahitaji kitu kinachong'ang'ania ngozi, na hana mekapu ya kulinda. Watu wenye ualbino wanahitaji krimu nzito inayokaa, na ile Kilisun inayotengenezwa Moshi kwa ajili yao ni ya kwao, isigeuzwe kipodozi cha wengine. Halafu kuna krimu yenye rangi ya ngozi. Rangi hiyo hutokana na oksidi za chuma, ambazo huzuia pia mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho, na mwanga huo unachangia kuyakoleza madoa kwenye ngozi nyeusi. Mwenye madoa ya ujauzito au alama nyeusi za chunusi, mimi humshauri aache fandesheni, apake krimu nyembamba yenye rangi inayomfaa, na amalizie na poda. Hapo krimu imechukua nafasi ya tabaka mbili, na uzito wake unavumilika.

Kipimo kisichopungua

Namba ya SPF iliyoandikwa kwenye chupa hupatikana maabara kwa kupaka miligramu 2 kwa kila sentimita moja ya mraba ya ngozi. Kwa uso na shingo, watu wengi wanapata karibu na hapo kwa kuchora mstari wa sanskrini kwenye vidole viwili, cha shahada na cha kati, kutoka kwenye shina mpaka ncha. Fluidi haisimami kwenye kidole, inamwagika, hivyo minya kwenye kiganja: mduara wa takriban upana wa sarafu ya shilingi mia mbili, mara mbili, ni mahali pazuri pa kuanzia. Ukipaka nusu ya kipimo, SPF 50 yako si 50 tena, inashuka pakubwa.

Kwa hiyo usichague kwa kuuliza ipi inapendeza ukipaka tone. Uliza ipi unaweza kuivumilia ukipaka vidole viwili. Sanskrini nyingi zinazosifiwa kwa wepesi zinashindwa hapo.

Tafuta SPF 30 kwenda juu, pamoja na alama ya kinga ya miali ya UVA: alama za PA zenye jumlisha tatu au nne, au herufi UVA ndani ya duara. SPF yenyewe inapima hasa miali inayounguza. Ile ya UVA inapita kwenye kioo cha dirisha na inachangia madoa, hivyo anayekaa kaunta karibu na dirisha hajasalimika. SPF iliyoandikwa kwenye fandesheni usiihesabu, maana hakuna anayepaka fandesheni vidole viwili. Na usichanganye sanskrini na fandesheni kiganjani ili kuokoa tabaka. Unaipunguza nguvu na kuuvunja utando kabla haujashika.

Kupima kabla ya kununua chupa kubwa

Nenda na tishu nyembamba dukani, au omba kiasi kidogo kwa mtu anayeitumia. Paka kiasi sawa cha kila aina upande wa ndani wa mkono, sehemu mbili zisizogusana. Subiri dakika kumi na tano. Bandika tishu, bonyeza, iondoe, uiangalie kwenye mwanga. Doa la maji hupotea likikauka. Doa la mafuta hubaki, na tishu inapitisha mwanga pale. Doa la mafuta likiwa kubwa, hiyo ndiyo itakayokaa chini ya fandesheni yako.

Halafu fanya jaribio la pili: tone la fandesheni yako juu ya kila sehemu, pigapiga kwa kidole, kisha sugua mara moja tu. Ikitengana kama maziwa yaliyoganda au ikitoa vimbegembege, hizo mbili hazipatani, hata kama kila moja peke yake ni nzuri.

Ukiwa dukani angalia pia tarehe ya mwisho, na chupa ilipowekwa. Iliyokaa kwenye meza juani sokoni, mchana kwa mchana, inaweza kuwa imetengana ndani. Ukiminya ikatoka mafuta kwanza kisha chembechembe, usiipake. Na kitu kinachouzwa kama sanskrini ya kukufanya mweupe uachane nacho. Zebaki na haidrokwinoni zimepigwa marufuku kwenye vipodozi nchini, lakini bado vinaingia kwa njia za panya.

Asubuhi moja, hatua kwa hatua

Binti ya shangazi yangu anakata tiketi za boti Kibirizi. Anakaa chini ya turubai, miguu juani, upepo wa ziwa usoni, na ngozi yake ni ya mafuta paji, pua na kidevu. Alikuwa anapaka losheni, krimu ya SPF 50, praima ya silikoni, fandesheni uso mzima, kisha poda. Tabaka tano. Mpaka saa nne taya imeanza kutoa vimbegembege.

Nikamwambia agawe uso nusu kwa nusu: kushoto jeli ya maji, kulia fluidi, asubuhi zile zile, fandesheni ile ile, bila losheni na bila praima. Hii ndiyo njia ya haki ya kulinganisha, kwa sababu joto, jasho na usingizi wako vinakuwa sawa pande zote. Saa sita akanipigia. "Dada, shoto imenata vumbi la gari. Kulia hata sijasikia kama nimepaka." Tukabaki na fluidi, na utaratibu ukawa huu.

Anaosha uso kwa sabuni laini ya uso, mara moja, anajifuta kwa kubonyeza taulo. Anasubiri ngozi ikauke kweli, na wakati wa mvua hiyo ni dakika kadhaa. Feni ndogo inasaidia sana, na kama umeme umekatika, pepea kwa daftari. Losheni haipaki. Ngozi yake haiihitaji asubuhi, na fluidi ina unyevu wa kumtosha. Akihisi kubana pembeni ya midomo anapaka hapo tu.

Kisha anapaka fluidi nusu ya kipimo, anaitandaza haraka kabla haijaanza kushika, paji, mashavu, pua, kidevu, masikio na shingo. Anasubiri dakika tatu. Anapaka nusu ya pili kwa kubonyeza kwa viganja, hasugui. Kugawa mara mbili ndilo jambo lililobadilisha zaidi matokeo yake. Kipimo kizima kwa mkupuo mmoja kinakauka juu huku chini bado ni kibichi, na ukisugua unaona kinavingirika. Kuzunguka macho, kwa upana wa kidole, hapaki fluidi, anatumia sanskrini ya fimbo yenye zinki na rangi, kwa sababu haiteremki na jasho.

Sasa anavaa na kunywa chai. Dakika kumi na tano, siku za mvua kubwa ishirini. Anajua ipo tayari kwa kugusa shavu kwa mgongo wa mkono: mkono unateleza bila kunata. Ikinata, anasubiri.

Fandesheni ni pale penye doa tu, kwa sponji yenye unyevu kidogo, kupigapiga bila kuvuta. Uso mwingine unaonekana kama ngozi, na hakuna aliyewahi kugundua. Poda kidogo kwenye paji, pua na kidevu, mashavu anaacha. Tabaka tano zimekuwa moja kamili na vipande vya nyingine mbili, na sanskrini ndiyo nzito kuliko zote, kama inavyotakiwa.

Mchana

Mtu wa juani anatakiwa kurudia kila baada ya saa mbili, na mapema zaidi akiloa jasho au akijifuta. Hapa wapambaji wengi hunyamaza kwa sababu ni vigumu juu ya mekapu. Inawezekana. Kwanza bonyeza tishu uso mzima, usifute, mpaka isitoe mafuta tena. Usipoondoa mafuta, chochote utakachoweka kitaelea juu yake. Kisha mimina fluidi kwenye sponji kavu safi na upigepige, vipande vidogo vidogo. Sponji inakunywa sehemu, kwa hiyo ongeza. Malizia na poda.

Kipimo kamili kwa njia hii ni vigumu kukifikia, nasema wazi. Poda yenye SPF peke yake ndiyo haifai kabisa kwa kurudia, kwa kuwa ungehitaji kuimwaga kwa kiasi ambacho hakuna anayekikubali usoni. Kama utatembea juani saa nzima kati ya saa tano na saa tisa, osha uso, paka upya, acha fandesheni siku hiyo, na chukua mwavuli. Mawingu membamba hayakusaidii. Tuko karibu na mstari wa ikweta, na miali mingi inapita hata jua lisipoonekana.

Kikienda vibaya, ni kipi?

Vimbegembege dakika chache baada ya kupaka: umesugua, hukusubiri, au silikoni imekutana na maji. Badilisha kimoja tu kwa siku, ukianza na muda wa kusubiri.

Uso kuwaka au kuwasha siku hiyo hiyo, wekundu au uvimbe: ngozi imeikataa. Ioshe na usiipe nafasi ya pili. Ikiendelea kuvimba nenda hospitali.

Vipele vidogo vinavyochoma na kuwasha, vimejaa paji na shingoni siku za joto, vikipungua ukikaa penye upepo, mara nyingi ni harara. Hivyo vinatokana na jasho lililozibwa. Punguza tabaka, usiibadilishe sanskrini kwanza.

Vijipele vigumu vya rangi ya ngozi, visivyo na usaha, vinavyojitokeza polepole kwa wiki kadhaa hasa paji na taya: vinyweleo vinaziba. Kabla hujailaumu chupa, angalia usiku wako. Fluidi zinazostahimili maji haziondoki kwa maji na sabuni ya mkupuo mmoja. Anza na mafuta ya kusafishia au maji ya miseli kwenye pamba, kisha sabuni ya uso. Pamba ya mwisho ikitoka na rangi, rudia. Fanya hivyo wiki tatu. Vijipele visipopungua, hapo ndipo ubadilishe sanskrini, na ukitoka kwenye krimu nenda fluidi kabla hujajaribu jeli.